Nimemaliza mkopo, benki bado imekalia hati yangu

Kwako Mshauri,

Mwaka wa 2020 nilikopa shilingi 1,200,000 kwenye benki moja hapa Nakuru ili nifungue kinu cha kusaga unga. Niliweka rehani hati miliki ya shamba langu la ekari mbili. Mkopo ulikuwa wa miaka mitano, riba asilimia 14, na kila mwezi benki ilijikatia shilingi 27,922 kutoka kwa akaunti yangu. Mwaka wa mwisho nilipata ujumbe wa simu kwamba riba imepanda hadi asilimia 15, lakini kiasi kilichokatwa hakikubadilika, nami sikuuliza. Awamu ya mwisho ilikatwa miezi minne iliyopita.

Tangu hapo nimeenda tawini mara tano. Mara naambiwa hati iko Nairobi, mara afisa aliyeshughulikia mkopo amehamishwa, mara "tutakupigia, mama". Wiki iliyopita kijana mmoja pale aliniuliza kama mimi si mdhamini wa mkopo wa ndugu yangu katika benki hiyo hiyo. Ni kweli nilimdhamini, lakini shamba langu sikuliweka kwa mkopo wake. Nina mteja anayetaka kununua nusu ekari na ameanza kukosa subira. Nikiandika barua, niandike nini, nimpelekee nani? Na hati nikiipata mkononi, naweza kuuza siku hiyo hiyo?

Mama wa Kinu, Nakuru

*

Mama wa Kinu,

Mara zote tano ulizoenda tawini ulizungumza kwa mdomo, na hapo ndipo penye shida. Nilifanya kazi miaka kadhaa katika idara ya dhamana ya benki kabla sijawa wakili, kwa hiyo naweza kukueleza yanayotokea ukishatoka mlangoni: hakuna. Mkopo ukichelewa kulipwa, kompyuta hujipigia kelele yenyewe. Mkopo ukiisha, kompyuta hunyamaza. Faili ya hati yako haitoki kabatini kwa sababu umemaliza kulipa. Hutoka pale mtu mmoja tawini anapoandika kuomba itolewe, naye haandiki mpaka awe na karatasi ya mteja ya kuambatisha. Barua yako ndiyo hiyo karatasi.

Kuhusu hati kuwa Nairobi, hawakukudanganya. Benki nyingi huweka hati za wateja katika chumba kimoja chenye ulinzi makao makuu, na meneja wa tawi hana ufunguo wake wala ruhusa ya kutia sahihi ya kuondoa rehani. Watia sahihi ni wachache, wamepewa mamlaka ya kisheria kuiwakilisha benki kwenye hati za ardhi. Kwa kawaida wakili wa benki huandaa hati ya kuondoa rehani, wenyewe pale wanaiita dischaji, kisha wale wachache wanaitia sahihi, kisha yote inarudi tawini. Safari hiyo ni ya wiki kadhaa hata mambo yakienda sawa. Inayoudhi ni miezi minne ambamo haikuanza.

Lakini kabla hujaandika, tuiangalie hiyo riba iliyopanda.

Awamu yako ya 27,922 ilipigwa hesabu kwa riba ya asilimia 14 inayotozwa juu ya salio linalopungua, kwa miezi 60. Kwa riba hiyo, ukibakiza awamu 12 salio lako huwa karibu shilingi 311,000. Tuseme riba ilipanda wakati huo. Mwezi wa kwanza, riba ya asilimia 14 juu ya 311,000 ingekuwa kama 3,628. Kwa asilimia 15 ni 3,888. Tofauti ni shilingi 260, na kwa kuwa kiasi kinachokatwa hakikuongezwa, hizo 260 zilitolewa kwenye sehemu ya awamu yako ambayo ingepunguza deni lenyewe. Mwezi wa pili tofauti ilikuwa ndogo kidogo, wa tatu ndogo zaidi, lakini zilizidi kujumlika. Ukienda hivyo hadi mwisho, awamu ya 60 inakatwa na bado kuna kama shilingi 1,880 kwenye akaunti ya mkopo. Wewe umemaliza, ratiba imemaliza, deni halijamaliza. Na hizo 1,880 zinaendelea kuzaa riba, labda pia ada ya kuchelewa.

Sisemi ndivyo ilivyo kwako kwa hakika, kwa sababu sijaona stetimenti yako. Huenda riba ilipanda baadaye na baki ni la shilingi mia chache, au benki ilikata kiasi hicho kwenye akaunti yako ya kawaida bila wewe kutambua. Nimewahi kuona faili ya mtu aliyesubiri hati mwaka mzima kwa sababu ya shilingi 412, na hakuna aliyemwambia, kwani kila aliyefungua kompyuta aliona tu kwamba mkopo "bado upo" akarudisha faili mahali pake. Kwa hiyo omba stetimenti ya akaunti ya mkopo, si ya akaunti yako ya akiba. Iwe inaanzia miezi mitatu kabla riba haijapanda mpaka leo. Tazama safu ya mwisho kulia. Ikiwa haisomi sufuri, lipa kilichobaki siku hiyo hiyo hata kama unabishana nacho, na uandike kwenye risiti kwamba unalipa bila kuacha haki yako ya kupinga hesabu. Kubishana juu ya shilingi 1,880 huku shamba lako likiwa rehani ni kujiumiza. Zipinge baadaye hati ikiwa nyumbani, na hapo una hoja nzuri: ni lini benki ilikwambia kwamba awamu ya zamani haitatosha? Unaweza kudai kwamba kukutumia ujumbe wa riba kupanda hakutoshi, walipaswa kukuonyesha awamu mpya.

Sasa suala la ndugu yako. Huyo kijana hakuuliza kwa udaku. Katika mikataba mingi ya rehani kuna kifungu kinachosema shamba linadhamini pesa zote ambazo mwenye shamba anadaiwa na benki, sasa na baadaye, akiwa mkopaji mwenyewe au mdhamini wa mtu mwingine. Wengi hutia sahihi bila kufika ukurasa huo. Kama mkataba wako una maneno hayo, benki inaweza kusema deni la ndugu yako limeegemea shamba lako ingawa hukuliweka kwa mkopo wake. Kama hauna, kumdhamini kwako ni ahadi tofauti, na benki haiwezi kushikilia hati yako kwa ajili yake.

Kwa hiyo tafuta nakala yako ya mkataba wa rehani. Kama huna, kuna njia mbili: iombe benki, au mwombe Msajili wa Ardhi akupe nakala ya ule uliosajiliwa. Isome, au mpe wakili aisome kwa saa moja. Ukikuta kifungu hicho kipo, bado hujapoteza. Uliza salio la ndugu yako ni kiasi gani, kama analipa kwa wakati, na kama ameweka dhamana yake mwenyewe. Kama analipa vizuri na ana dhamana ya kutosha, benki nyingi hukubali kuachilia shamba la mdhamini kwa maandishi. Kama amechelewesha, ni afadhali ujue leo kuliko siku mnunuzi ameshalipa. Lakini kwenye barua usilitaje suala hili kwanza wewe. Waulize tu kama kuna sababu nyingine ya kushikilia hati na wataje kifungu cha mkataba. Asiyekuwa na kifungu hukosa cha kuandika.

Barua yenyewe iwe ya ukurasa mmoja, isiwe na historia ya kinu wala masikitiko ya mara tano ulizoenda. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili, maana Katiba ya 2010 inakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Iende kwa meneja wa tawi, nakala kwa idara ya sheria ya benki makao makuu. Mimi ningeandika hivi:

*Meneja wa Tawi,*
*(jina la benki na tawi)*

*Bwana/Bibi,*

*KUH: OMBI LA KUONDOLEWA REHANI NA KURUDISHIWA HATI MILIKI*
*Akaunti ya mkopo nambari ........, shamba nambari ........*

*Mimi ni mmiliki wa shamba lililotajwa hapo juu, lililowekwa rehani kwenu kwa mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa mkataba wa tarehe ........ Awamu ya mwisho ililipwa tarehe ........ na stetimenti ya akaunti ya mkopo ya tarehe ........ inaonyesha salio la sufuri. Nimeambatisha nakala.*

*Kwa mujibu wa kifungu cha 85 cha Sheria ya Ardhi ya 2012, naomba:*

*Kwanza, barua inayothibitisha kwamba mkopo huu umelipwa wote na akaunti imefungwa.*

*Pili, hati ya kuondoa rehani iliyotiwa sahihi na wawakilishi wa benki walioidhinishwa na kushuhudiwa na wakili, pamoja na hati yangu halisi ya umiliki na mkataba halisi wa rehani mnaoshikilia.*

*Tatu, rekodi zangu katika ofisi za taarifa za mikopo zionyeshe kwamba mkopo huu umelipwa.*

*Kama kuna gharama ninayopaswa kulipa, nitumieni ankara inayoonyesha kila kiasi na inakoenda. Kama benki inaona kuna sababu ya kuendelea kushikilia hati, naomba ielezwe kwa maandishi pamoja na kifungu cha mkataba kinachotegemewa.*

*Naomba kujibiwa ndani ya siku 14 za kazi tangu kupokea barua hii.*

*Wako,*
*(jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi)*

Siku hizo 14 ni muda unaouweka wewe, kwa hiyo usiende kaunta ukasema sheria imeweka siku 14. Kifungu cha 85 chenyewe kinasema aliyeweka rehani ana haki ya kuondolewa rehani akishalipa pesa zote zilizodhaminiwa na kutimiza masharti mengine ya rehani. Hayo "masharti mengine" ndiyo yanayoweza kumgusa ndugu yako, ndiyo maana nimekupeleka kwenye mkataba kabla ya barua. Kifungu hicho hicho kinasema sharti la mkataba linalokusudia kumnyima mtu haki hiyo ni batili, na wakili wako atalijua la kufanya nalo ikifika huko.

Chapisha nakala mbili. Moja waachie, nyingine wagonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na aliyepokea aandike jina lake. Akikwambia "iache tu hapo mama, nitaishughulikia", kaa kwenye kiti mpaka muhuri ugongwe. Jioni hiyo hiyo ipige picha uitume kwa baruapepe ya huduma kwa wateja ya benki uombe nambari ya lalamiko. Siku 14 zikipita kimya, andika ya pili fupi kwa makao makuu ukitaja nambari hiyo. Baada ya hapo una haki ya kuipelekea Benki Kuu ya Kenya malalamiko, na jambo la kwanza watakalotaka kuona ni kwamba ulianza na benki yenyewe na ikakunyamazia. Muhuri ule ndio ushahidi wako. Mahakama ipo pia, lakini mara nyingi barua ya wakili inayotaja kifungu cha 85 humaliza kazi.

Kuhusu gharama, mikataba mingi humtwika mkopaji ada ya wakili anayeandaa hati ya kuondoa rehani, ushuru wa stempu na ada ya usajili. Zilipe kwa ankara na risiti, ushuru uende kwa Mamlaka ya Ushuru na ada ziende serikalini. Mtu akikuomba "kitu kidogo cha kuharakisha faili" umtumie kwenye simu yake, hilo halimo kwenye mkataba wowote.

Wakikwambia hati haionekani, usikubali maneno "tunaendelea kuitafuta" kwa zaidi ya wiki mbili. Wakiri kwa maandishi kwamba imepotea mikononi mwao na kwamba watagharamia mpya. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, Msajili hutoa hati mbadala baada ya tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na magazeti mawili ya kitaifa, na siku 60 kupita. Hizo ni siku ambazo mnunuzi wako atazihesabu, kwa hiyo aambiwe mapema.

Siku ya kuchukua hati, nenda na kitambulisho na miwani yako. Linganisha nambari ya shamba, jina lako na ukubwa na nakala uliyonayo nyumbani. Hakikisha hati ya kuondoa rehani inataja shamba hilo hilo na mkataba wa rehani wa tarehe ile ile, na kwamba iko katika nakala tatu zilizotiwa sahihi. Nimeona hati ya kuondoa rehani iliyokosewa tarakimu moja ya nambari ya shamba ikirudishwa na Msajili, na watia sahihi wa benki walikuwa wameshabadilika. Usitie sahihi kitabu cha benki kwamba umepokea "hati zote" kama umepewa hati miliki peke yake.

Na hapa ndipo jibu la swali lako la mwisho. Hapana, huwezi kuuza siku hiyo. Rehani haikai kwenye karatasi tu, imeandikwa kwenye rejista ya shamba lako katika ofisi ya ardhi, sehemu ya tatu ambako huandikwa mizigo yote iliyo juu ya shamba. Unaweza kuwa na hati mkononi na bado yeyote atakayefanya sachi, yaani kuomba taarifa za shamba kutoka kwenye rejista, akasoma kwamba shamba liko rehani kwa benki. Wapo watu wanaoificha hati kabatini miaka kumi wakidhani wamemaliza, halafu watoto wao wanagundua kwamba rejista inasema vingine. Wakati huo benki imeungana na nyingine au imebadili jina, na kumpata mtia sahihi kunakuwa kazi mpya kabisa.

Kwa hiyo muulize wakili wa benki kama atasajili mwenyewe kabla ya kukukabidhi, au atakupa hati hizo ukasajili wewe. Mimi ningechagua asajili yeye, kwa kuwa kosa likionekana ni lake kurekebisha. Ukisajili mwenyewe, peleka kwa Msajili hati ya kuondoa rehani, hati miliki halisi, mkataba halisi wa rehani na risiti za malipo. Baada ya wiki kadhaa fanya sachi rasmi. Kama rekodi za shamba lako zimeingizwa kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi, utaifanya mtandaoni, la sivyo ni kwenye kaunta ya ofisi ya ardhi ya kaunti. Soma sehemu ya mizigo. Iwe wazi, au ionyeshe kwamba rehani imeondolewa, pamoja na tarehe.

Kwa mnunuzi wako kuna hatua nyingine juu ya hiyo, kwa sababu unamuuzia kipande. Shamba likigawanywa, nambari ya zamani hufungwa na nambari mpya mbili hufunguliwa, na kazi hiyo inahitaji rejista isiyo na rehani, mpima ardhi wa kuchora mgawanyo, na kama ni shamba la kilimo, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Idhini ya mumeo kama umeolewa unaweza kuihitaji pia, hasa ikiwa mnaishi hapo. Mwambie haya yote sasa, na usipokee amana kwa mkataba unaosema utamkabidhi hati "ndani ya siku 90 tangu leo". Wakili wako aandike kwamba siku hizo zinaanza kuhesabiwa tarehe ya sachi inayoonyesha rehani imeondolewa. Akikataa sharti hilo, yuko na haraka ambayo benki yako haina.